Kwa nini sistemu hulegea mchana: Waya, trei na joto katika jengo la ofisi

Mkazi wa Muthurwa amefika kaunta saa nane mchana, karatasi mkononi, na karani anamwambia asubiri kwa sababu sistemu imelegea. Asubuhi ilikuwa ikienda vizuri. Wengi hulaumu kampuni ya intaneti, lakini mara nyingine chanzo kiko ndani ya jengo lenyewe, katika waya zilizopita juu ya dari na katika chumba kidogo kinachobeba swichi na seva. Makala haya yanaeleza jinsi ya kukijua chanzo hicho, kwa manufaa ya wakazi, wamiliki wa majengo na wapangaji wanaofungua ofisi kando ya Barabara ya Landhies na kwingineko Eastlands.

Kipimo cha mita 100

Waya wa kawaida wa mtandao, ule wa shaba wenye jozi nne zilizosokotwa, umewekewa kikomo na viwango vya kimataifa. Njia nzima, kutoka swichi hadi kompyuta, isizidi mita 100. Kati ya hizo, mita 90 ni za waya uliofungwa daima ukutani na darini. Mita 10 zinazobaki ni za waya fupi laini za pande mbili, ule wa ndani ya raki na ule unaotoka soketi ya ukutani hadi mezani.

Kikomo kipo kwa sababu mawimbi ya umeme hupungua nguvu kadiri yanavyosafiri kwenye shaba. Yakidhoofika sana, kifaa cha upande wa pili hushindwa kuyatofautisha na kelele, na data inayofika imeharibika hutupwa na kutumwa upya. Mtumiaji haoni kosa lolote kwenye skrini, ila anaona mambo yakienda polepole.

Kosa la kawaida ni kupima umbali sakafuni. Waya haupiti sakafuni. Hupanda, huzunguka ngazi, kisha hushuka.

Mfano wa jengo moja

Chukua ofisi ya ghorofa moja yenye paa la mabati. Chumba cha mawasiliano kiko mwisho mmoja wa korido, na kaunta ya kuhudumia watu iko mwisho mwingine. Fundi akipima sakafuni kwa mstari ulionyooka hupata mita 70 hivi, na kuona kwamba nafasi ipo tele.

Sasa tufuate waya wenyewe. Kutoka raki hadi juu ya dari ni mita 3. Korido ni mita 62. Kuzunguka ngazi kunaongeza mita 9, kuingia hadi usawa wa kaunta mita 8, na kushuka hadi soketi mita 2.5. Mita 3 za akiba huachwa ndani ya raki. Jumla ni mita 87.5. Ukiongeza waya laini wa mita 2 kwenye raki na wa mita 5 mezani, njia nzima inakuwa mita 94.5. Kwenye karatasi, kazi hiyo imepita.

Lakini kikomo cha mita 90 kimewekwa kwa joto la digrii 20. Shaba ikipata joto, upotevu wa nguvu huongezeka. Kwa waya usio na ngao ya chuma, joto likifika digrii 40, waya wa kudumu haufai kuzidi mita 84 hivi, na kwa digrii 60 usizidi mita 75. Chini ya mabati yaliyopigwa na jua la Februari, digrii 40 hufikiwa kwa urahisi. Waya wetu wa mita 87.5 umezidi kwa mita 3.5, na umezidi mchana tu. Ndiyo maana asubuhi hakuna lalamiko.

Dalili zinalingana na hali hiyo. Swichi huonyesha hesabu ya makosa ya porti ikipanda alasiri na kutulia usiku, au porti hushuka yenyewe kutoka megabiti 1,000 hadi 100 kwa sekunde. Meza za karibu na chumba hazina shida, ila zile za mbali tu.

Njia ya waya

Trei au tranki inayobeba waya nayo ina sehemu yake. Waya zikishindiliwa katika fungu moja nene, zile za katikati hukosa pa kutolea joto, hasa zinapobeba pia umeme wa kuendeshea kamera na simu za mezani. Mafundi wazuri hujaza tranki kwa takriban asilimia 40 tu na kufunga mafungu kwa mikanda ya kitambaa, kwa sababu mkanda wa plastiki uliokazwa hubonyeza jozi na kuharibu msokoto. Waya wa umeme wa jengo hupewa trei yake, mbali kwa sentimita 20 au zaidi, na pale ambapo lazima zikutane, zivukane kwa pembe mraba.

Katika mfano wetu, kushusha trei chini ya dari, ndani ya korido yenye kivuli, kunaondoa tatizo la joto. Dawa bora zaidi ni kuhamishia chumba katikati ya jengo, ili waya mrefu zaidi uwe wa mita 50 hivi. Ikishindikana, huwekwa kabati la pili karibu na kaunta na kuunganishwa na la kwanza kwa faiba, ambayo hubeba data kwa mamia ya mita.

Chumba chenyewe

Karibu umeme wote unaoingia kwenye vifaa hutoka kama joto. Tuseme swichi mbili zinatumia wati 500, seva 350, rekoda ya kamera na ruta 100, na betri za akiba zinapoteza 150. Jumla ni wati 1,100. Kila wati ni BTU 3.4 kwa saa, kwa hiyo joto la kuondolewa ni BTU 3,750 hivi. Kiyoyozi cha BTU 9,000 kinatosha, hata ukihesabu kuta zinazopigwa na jua. Hewa inayoingia kwenye vifaa inafaa iwe kati ya digrii 18 na 27.

Hatari huja stima zikipotea. Betri huendelea kuviwasha vifaa, lakini kiyoyozi huzimika. Katika chumba cha mita 3 kwa 2, hewa peke yake ingepanda karibu digrii 4 kila dakika kama kuta na vyuma visingefyonza chochote. Hufyonza, lakini si kwa muda mrefu. Feni ya kutoa hewa, iliyounganishwa na betri hizohizo, huokoa hali. Kwa kuwa Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, feni hiyo ihamishe kama mita za ujazo 500 kwa saa ili chumba kisizidi joto la nje kwa zaidi ya digrii 8. Upande wa kuingilia hewa uwekwe kichujio, kwani vumbi la soko na stendi huziba vifaa haraka.

Kabla ya kulipa fundi

Mmiliki wa jengo anashauriwa kumtumia mkandarasi mwenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na kudai ripoti ya kipimo cha kila soketi, yenye urefu wa waya na upotevu wa nguvu. Soketi yoyote iliyopita mita 84 darini chini ya mabati irekebishwe kabla ya kulipwa salio. Kipimo kifanywe alasiri, jua likiwa kali.