Giza la Dagaa na Kadi Yenye Plasta Nyekundu

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria hawaangalii kalenda ya ukutani, wanaangalia mwezi. Giza likiingia wanashuka majini na taa zao. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri. Mwezi ukishakua na kung'aa, dagaa hawaijali tena taa na mitumbwi inapandishwa mchangani. Anayetaka kupiga picha za uvuvi huo anafuata kalenda hiyo hiyo. Akipoteza picha za usiku wa mwisho wa giza, hawezi kumwomba mvuvi arudie kesho.

Mimi nilizipoteza. Ilikuwa Igombe, kaskazini mwa jiji la Mwanza, miaka kadhaa iliyopita, na hakuibiwa mtu wala kamera haikutumbukia ziwani. Nilibonyeza kitufe kimoja tu.

Tulikuwa na kadi mbili. Ya kwanza ilikuwa na picha za jioni: taa zinafungwa kwenye vielea, kijana anajaza betri mtumbwini, kisha taa zinawaka moja baada ya nyingine hadi maji yote yanaonekana kama mtaa. Niliishusha kwenye kompyuta, nikaifomati, nikamrudishia mpiga picha. Alfajiri alileta ya pili. Nikaikokota ndani ya folda ile ile, kompyuta ikaniuliza kama nataka faili mpya zichukue nafasi ya zilizopo. Nilikuwa na usingizi, nikajibu ndiyo.

Kilichotokea ni hiki. Kadi ilipofomatiwa, kamera yetu ilianza kuhesabu upya, kwa hiyo klipu ya kwanza ya kila kadi iliitwa C0001.MP4, ya pili C0002.MP4, na kuendelea. Kadi ya jioni na kadi ya alfajiri zilikuwa na faili zenye majina yaleyale na picha tofauti kabisa. Kompyuta haikukosea, ilitii. Klipu kumi na moja za jioni zilifunikwa na klipu kumi na moja za alfajiri, na kadi ya jioni ilikuwa imeshapigwa picha nyingine juu yake. Kama ingekuwa imefomatiwa tu bila kutumika tena, tungeiweka pembeni, na programu za kufufua faili zingeweza kuokoa nyingi, maana kufomati kwa haraka mara nyingi hufuta orodha ya vilivyomo na kuacha vitu vyenyewe. Lakini kilichoandikiwa juu hakifufuki. Mzee mwenye mtumbwi aliponiona nimekaa mchangani aliniuliza kulikoni, nikamweleza. Akatazama juu. "Basi subiri, mwanangu. Giza limeshakwisha." Tulisubiri siku kumi na kitu.

Waliotutangulia hawakuwa na tatizo hili. Filamu ya Hubert Sauper kuhusu sangara na ndege za mizigo za Mwanza, *Darwin's Nightmare*, ilitoka mwaka 2004, enzi ambazo watengenezaji wengi wa filamu za kweli walikuwa wanatumia kanda ndogo za video. Kanda ya namna hiyo ilijaa baada ya saa moja hivi, ukasukuma kijiswichi chake ili isirekodiwe tena, ukaandika ubavuni, ukaitia kwenye boksi. Ilikuwa chombo cha kurekodia na ghala kwa pamoja. Kadi siyo ghala. Kadi ni ndoo, inamwagwa na kurudi kisimani, na hatari yote iko katika dakika zile za kumwaga.

Tangu siku ile kazi hiyo tumempa mtu mmoja, na hafanyi nyingine. Habebi taa wala haendi kununua soda. Katika seti kubwa za nje mtu huyu ana cheo na meza yake. Kwetu ana kiti cha plastiki, kompyuta, betri ya gari yenye kibadilisha umeme, na diski mbili za nje, zile ambazo vijana wa studio huziita eksteno. Kanga inatundikwa kumkinga na jua na wadudu wa ziwa pia, ambao asubuhi nyingine huja kama moshi na kujaa kwenye kila tundu la mashine.

Kadi ikitoka kwenye kamera, mpiga picha anasukuma kile kijiswichi cha pembeni ili isiandikike, anaifunga plasta nyekundu na kuandika jina: A007. A ni kamera ya kwanza, na saba ni kadi ya saba tangu kazi ianze, si ya saba leo. Namba hairudi nyuma hadi filamu iishe, hata kadi yenyewe ya plastiki ikitumika mara ishirini. Jina hilo ndilo jina la folda kwenye diski, na folda inatengenezwa kabla kadi haijachomekwa. Hapo C0001 ya A007 na C0001 ya A008 zinakaa nyumba tofauti na hazitakutana.

Kisha inachukuliwa kadi nzima, si video peke yake. Ukiifungua utaona folda ndani ya folda na vijifaili vidogo ambavyo havichezi chochote. Wengi huviona takataka na kuchukua MP4 tu. Vijifaili hivyo vinabeba taarifa za klipu, na kwa baadhi ya kamera ndivyo vinavyoiambia programu ya uhariri kwamba klipu ndefu iliyokatwa vipande vitatu ni kitu kimoja.

Muda nao unahesabika. Kamera zetu zinaandika megabiti 100 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 45 kwa saa. Tunabadilisha kadi kila baada ya saa mbili, kwa hiyo kila moja inarudi na kama gigabaiti 90. Kwa kasi ya megabaiti 90 kwa sekunde, kuishusha kunachukua dakika 17. Kuhakiki kunakaribia muda huo huo. Kadi nne za usiku mmoja zinakula zaidi ya saa mbili za asubuhi, na hapo ndipo kila mtu huwa na haraka ya kwenda kunywa chai.

Wanaohakiki kwa macho hutazama ukubwa: kadi gigabaiti 90, folda gigabaiti 90, tumemaliza. Hiyo inakuambia kwamba kitu chenye uzito ule kimefika, haikuambii ni kile kile. Njia ya uhakika ni kuipa kila faili alama inayokokotolewa kutoka katika yaliyomo yake yote, herufi na tarakimu 32. Ikibadilika chembe moja ndani ya faili, alama nzima inakuwa nyingine. Zipo programu za kulipia zinazofanya hivi kwa vitufe, lakini kijana wetu anatumia Linux na mistari hii:

```
cd /media/kadi
find . -type f -exec md5sum {} + > ~/A007.md5
rsync -a /media/kadi/ /media/diski1/SIKU03/A007/
```

Amri ya kwanza inaingia kwenye kadi, ya pili inaandika alama za kila faili, ya tatu inanakili. Halafu anafanya jambo ambalo nilichelewa sana kulielewa. Anaitoa diski kwa utaratibu, anachomoa waya, anauchomeka tena. Kompyuta hupenda kuweka akiba ya kilichopita karibuni katika kumbukumbu yake yenyewe, na ukihakiki papo hapo inaweza kukusomea akiba hiyo badala ya kilichoandikwa kwenye diski. Diski ikishatoka na kurudi, ndipo:

```
cd /media/diski1/SIKU03/A007
md5sum -c --quiet ~/A007.md5
```

Kama kila kitu kiko sawa, amri hii haisemi neno. Mshale unarudi kimya. Penye tatizo inaandika jina la faili na FAILED mbele yake. Tumeiona mara mbili, zote kwa sababu ya waya uliolegea, na kubadilisha waya kukatosha. Diski ya pili inapitishwa njia ile ile, tena kutoka kwenye kadi na si kutoka diski ya kwanza, kosa lisije likarithiwa.

Ukimya huo una mpaka wake. Unathibitisha kwamba nakala ni sawa na kadi. Kama kamera yenyewe iliandika picha mbovu, unazo nakala mbili kamili za ubovu. Kwa hiyo kijana hufungua klipu ya kwanza, ya mwisho na moja ya katikati, akiruka ruka ndani yake na kusikiliza sauti. Kila kadi.

Upande wa majina, uchungu wetu mkubwa ulitoka kwenye saa. Kwenye daftari mtunza kumbukumbu aliandika "saa 2 usiku, kuvuta nyavu". Mhariri akaenda kwenye klipu zilizopigwa 02:00, akakuta watu wamelala mtumbwini. Saa mbili usiku ni 20:00. Zile za 02:00 ni saa nane. Alitafuta nusu siku, na sikumlaumu, kwani mimi mwenyewe nikisoma saa ya kamera lazima nihesabu vidole. Sasa daftari linafuata saa ya kamera, kwa tarakimu nne, na kamera zote mbili pamoja na kinasa sauti vinalinganishwa kabla ya kushuka majini. Kinasa sauti kina ugonjwa ule ule wa kurudia majina, nacho kina folda zake.

Kwenye tamthilia kibao kinapigwa mwanzoni: sini 14, shoti B, teki 3. Teki iliyoharibika inabaki na namba yake, haifutwi wala haikabidhiwi nyingine. Kama mwanzo haukuwezekana, kibao kinapigwa mwisho kikiwa kichwa chini, na mhariri anajua. Ndani ya mtumbwi wenye watu wanne na nyavu zilizolowa, kibao ni kero. Mpiga picha anawasha tochi kwenye kiganja chake, anakirekodi na kusema: "A kumi na mbili, mtumbwi wa pili, kuvuta mara ya tatu." Kisha anapiga kofi moja mbele ya lenzi ili sauti ipate pa kuoana na picha.

Safari ya mwisho tulimaliza saa nne asubuhi. Wanawake walikuwa wameshaanza kuwageuza dagaa juani. Diski ya kwanza iliondoka na mimi kwa gari. Ya pili ilibaki Igombe hadi jioni, ikaja mjini na mtu mwingine kwa daladala, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya begi la nguo. Kadi nne zilikuwa bado na plasta nyekundu. Kijana alipoona amri ya mwisho imenyamaza, alibandua plasta moja moja na kubandika za kijani. Mpiga picha alikuwa amenyoosha mkono muda mrefu.

"Kaka, nipe basi."

"Subiri, bado hii moja."

Alimpa tatu.