Kabla ya kulinganisha pesa za kaunti, soma kichwa cha safu

Kila msimu wa bajeti unapofika hapa Pwani, simu zetu hujaa picha za majedwali. Mtu hukata kipande cha jedwali moja, akakibandika kando ya kipande cha jedwali lingine, akaandika chini yake: "Jionee mwenyewe." Nusu saa baadaye kijiji kizima kimeshajionea. Wengi wetu husoma nambari tu, na kile kijistari cha maandishi madogo kilicho juu yake tunakiruka. Kijistari hicho ndicho kinachotuambia nambari ile ni ya shilingi ngapi hasa.

Ripoti za serikali haziandiki pesa kwa namna moja. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti kuhusu kaunti aghalabu huweka majedwali yake katika mamilioni ya shilingi. Taarifa za kifedha anazozikagua Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huandikwa kwa shilingi kamili, mpaka sifuri ya mwisho. Nyaraka nyingine hutumia maelfu, na hapo juu ya safu utaona alama hii: '000. Maana yake ni kwamba sifuri tatu zimeachwa, na wewe msomaji unatakiwa uzirudishe kichwani.

Chukua mfano mmoja unaojulikana. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, kaunti zote 47 zilitengewa mgao wa shilingi bilioni 370 kutoka kwa mapato ya taifa. Kwa shilingi kamili, pesa hizo huandikwa 370,000,000,000. Kwa maelfu, ni 370,000,000. Kwa mamilioni, ni 370,000. Ni pesa zilezile, ila zimevaa nguo tatu tofauti. Anayeitazama nguo peke yake ataapa kwamba ni watu watatu.

Bibi zetu walilijua jambo hili sokoni. Hakuna aliyesema vibaba vitano ni vingi kuliko pishi tatu kwa kuwa tano ni kubwa kuliko tatu. Alijua pishi moja ni vibaba vinne, kwa hiyo pishi tatu ni vibaba kumi na viwili, na hapo ndipo alipolinganisha. Jedwali la maelfu na jedwali la mamilioni ni kibaba na pishi, ila tofauti yake ni mara 1,000.

Niliwahi kuhudhuria kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti katika kaunti moja ya Pwani. Siitaji kaunti hiyo, na nambari nimezibadilisha kidogo isije ikatambulika. Kijana mmoja alisimama na karatasi mbili mkononi. Akasema chai na mapokezi ya wageni vimetengewa 9,600, ilhali dawa za zahanati zimetengewa 84.5. "Wageni wanakunywa zaidi ya mara mia ya dawa zetu!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Afisa wa bajeti akainuka taratibu, akamwomba asome vichwa vya safu. Kwenye karatasi ya kwanza pameandikwa '000. Kwa hiyo 9,600 ni shilingi milioni 9.6. Karatasi ya pili ilikuwa ya mamilioni, na 84.5 ni shilingi milioni 84.5. Kumbe dawa zilikuwa zimetengewa karibu mara tisa ya chai. Makofi yakageuka kicheko, kijana akaketi, na kikao kikasonga mbele kwenye barabara.

Kilichoniuma ni kile kilichopotea pale. Kwenye karatasi ileile ya dawa, katika safu iliyofuata na kwa kipimo kilekile cha mamilioni, pesa zilizotolewa hadi siku hiyo zilikuwa 21.3. Yaani kati ya milioni 84.5 zilizoahidiwa, ni milioni 21.3 pekee zilizofika, sawa na robo. Mwaka ulikuwa umebaki mwezi mmoja. Hilo ndilo swali lililopaswa kuulizwa, na afisa asingeweza kulijibu kwa kicheko. Hakuna aliyeliuliza, kwa sababu hasira zote zilitumika kwenye ulinganisho usiokuwepo.

Kosa la kijana yule angalau lilikuwa kubwa kiasi cha kuonekana. Baya zaidi ni lile linalojificha ndani ya jumla. Tuseme unataka kujua kaunti imekusanya pesa ngapi yenyewe. Jedwali moja linasema ada za hospitali ni 486, kwa mamilioni. Jedwali lingine linasema kodi za ardhi na maegesho ni 312,400, kwa maelfu. Ukizijumlisha kama zilivyo, unapata 312,886. Nambari hiyo haishtui mtu. Ina sura ya nambari ya kawaida, na chini yake utaandika '000 bila wasiwasi, kama kwamba kaunti imekusanya milioni 312.9. Ukweli ni kwamba 312,400 za maelfu ni milioni 312.4. Ongeza milioni 486, na jumla ni milioni 798.4. Zaidi ya nusu ya mapato imemezwa, na hesabu ya kujumlisha yenyewe haina kosa hata moja.

Utalinasaje kosa la namna hii? Mimi hufanya mambo matatu.

La kwanza ni kuandika kipimo kando ya kila nambari kabla sijaigusa. Siandiki 486, naandika 486 milioni. Siandiki 312,400, naandika 312,400 elfu. Kisha nageuza zote ziwe mamilioni: nambari ya maelfu naigawanya kwa 1,000, nambari ya shilingi kamili naigawanya kwa 1,000,000. Ndipo kalamu ya kujumlisha au kulinganisha inaruhusiwa kugusa karatasi. Tahadhari na majedwali yanayoendelea kurasa mbili au tatu, kwani mara nyingi kipimo huandikwa kwenye ukurasa wa kwanza tu. Na kuna majedwali ambayo safu ya bajeti ni ya mamilioni na safu ya matumizi iliyo jirani yake ni ya maelfu. Kwa hiyo soma kichwa cha kila safu, usiridhike na kichwa cha jedwali.

La pili ni kutafuta nambari ya daraja, yaani kiasi kimoja kinachotokea kwenye majedwali yote mawili. Mgao wa kaunti kutoka kwa taifa unafaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa hutajwa karibu kila mahali. Mgao wa Mombasa mwaka ule wa 2021/22 ulikuwa takriban shilingi bilioni 7.57. Ukiukuta kwenye jedwali moja kama 7,567 na kwenye lingine kama 7,567,354, umeshajua la kwanza ni la mamilioni na la pili ni la maelfu, hata kama kichwa kimefutika kwenye picha uliyotumiwa. Daraja hili hunasa pia kosa la mwandishi wa ripoti mwenyewe. Kama kichwa kinasema mamilioni na mgao wa Mombasa umeandikwa 7,567,354, basi jedwali linadai kwamba Mombasa peke yake ilipata zaidi ya shilingi trilioni saba na nusu. Hapo kilichokosea ni kichwa.

La tatu ni kuikagua safu ya asilimia, kama ipo. Asilimia haina elfu wala milioni, kwa hiyo haidanganywi na kichwa cha safu. Gawanya matumizi kwa bajeti wewe mwenyewe, kisha uzidishe kwa 100. Ikiwa ripoti inasema asilimia 62 na wewe umepata asilimia 62,000, au asilimia 0.062, safu mbili ulizogawanya hazina kipimo kimoja.

Mtego mwingine unastahili kutajwa, kwa sababu huzaa uvumi mtamu. Ni ule wa kugawanya pesa kwa watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 Mombasa, na majedwali mengi huandika idadi hiyo kwa maelfu, yaani 1,208. Mtu akichukua mgao wa 7,567 na kuugawanya kwa 1,208, anapata 6.26. Kesho yake utasikia: "Kaunti inapewa shilingi sita kwa kila mwananchi!" Lakini mamilioni yakigawanywa kwa maelfu, jibu ni maelfu. Kwa hiyo 6.26 ile ni takriban shilingi 6,260 kwa kila mtu. Kiasi hicho unaweza kusema hakitoshi, na una haki ya kusema hivyo, lakini si bei ya peremende.

Mbinu hizi zina mipaka yake. Nambari ya daraja hufanya kazi ikiwa majedwali yote mawili yanazungumzia mwaka mmoja na kitu kimoja. Bajeti iliyopitishwa mwezi wa Juni na bajeti ya nyongeza ya baadaye hazitalingana, na pesa zilizotengwa si sawa na pesa zilizotolewa. Tazama tofauti yenyewe ilivyo. Ikiwa tarakimu za mwanzo ni zilezile na kilichobadilika ni sifuri au mahali pa nukta, kwa mfano 84.5 na 84,500, hilo ni suala la kipimo. Ikiwa tarakimu zenyewe zimebadilika, kwa mfano milioni 84.5 zimekuwa milioni 71.2 baada ya kugeuzwa vizuri, hapo kipimo hakina hatia. Hilo sasa ni swali la kumuuliza afisa.

Nukta nayo si ushahidi kamili. Ni kweli kwamba majedwali ya mamilioni hupenda kuwa na nukta, na ya maelfu hupenda nambari ndefu zenye koma. Lakini mradi mdogo kwenye jedwali la maelfu unaweza kuandikwa 850 tu, na msomaji mwenye haraka akadhani ni milioni 850, kumbe ni shilingi laki nane na nusu. Ndiyo maana mimi hupenda kuitamka nambari kwa laki, kama tunavyofanya tunapouza kiwanja. Ukijisikia unatamka kwamba choo cha shule kimejengwa kwa laki elfu nane na mia tano, sikio lenyewe litakataa, na utarudi kukisoma kichwa cha safu.

Ukishageuza na ukaona kichwa cha ripoti ndicho kilichokosewa, andika barua fupi kwa idara husika. Taja jina la ripoti, nambari ya jedwali, ukurasa, nambari ilivyoandikwa, na jedwali la pili linaloonyesha kiasi hichohicho kwa kipimo kingine. Barua yenye mambo hayo matano haiwezi kujibiwa kwa kicheko. Na ukisimama kikaoni, tamka pesa zote kwa kipimo kimoja tangu mwanzo: "Dawa zilitengewa milioni 84.5, zimefika milioni 21.3. Zilizobaki ziko wapi?"