Kompyuta Inapokataliwa na Domeni Yake

Mhasibu amefika kazini Jumatatu asubuhi, amewasha kompyuta, ameandika jina lake na nenosiri lile lile la wiki iliyopita. Badala ya kufunguka, skrini inamletea sentensi moja:

```
The trust relationship between this workstation and the primary domain failed.
```

Anaandika tena polepole, akidhani amekosea herufi. Jibu halibadiliki. Anahamia kompyuta ya jirani, anaandika maneno yale yale, na anaingia bila tatizo. Hapo tayari amejifanyia uchunguzi wa kwanza bila kujua: akaunti yake ni nzima. Aliyekataliwa si yeye, ni kompyuta.

Wafanyakazi wengi hawajui kwamba kwenye mtandao wa ofisi unaoendeshwa na Active Directory ya Microsoft, kompyuta nayo ina akaunti. Ikiwa inaitwa ACC-07, kwenye seva imeandikishwa kwa jina ACC-07$, na alama ile ya dola mwishoni ndiyo inayoitofautisha na akaunti ya mtu. Ina nenosiri lake pia: herufi 120 zilizochanganywa na mashine yenyewe, ambazo hakuna binadamu anayeziona wala kuziandika popote. Nakala moja inakaa ndani ya kompyuta, sehemu iliyofichwa ya mfumo. Nyingine iko kwenye seva inayosimamia domeni. Kila kompyuta inapowaka hujitambulisha kwanza kwa nenosiri hilo, na baada ya kukubaliwa ndipo inaweza kuiuliza seva kama huyu anayetaka kuingia ni mhasibu kweli. Nakala hizo mbili zikitofautiana, mazungumzo yanakatika kabla jina la mhasibu halijafikiwa.

Zinatofautianaje? Kwa kawaida kompyuta hubadilisha nenosiri lake kila baada ya siku 30, na ni yenyewe inayoanzisha mabadiliko hayo, si seva. Jambo hili linaondoa dhana iliyoenea sana kwa mafundi, kwamba kompyuta mpakato iliyolala kabatini miezi minne lazima ikataliwe ikirudi. Haikataliwi kwa sababu hiyo. Ikiwa imezimwa haibadilishi kitu, na seva haina tarehe ya kuufuta usajili wake; siku ikiwashwa itajitambulisha kwa nenosiri la zamani, itapokelewa, kisha italibadilisha. Ikikataliwa, mtafute mtu aliyegusa kitu: aliyefuta akaunti zisizotumika, au aliyeirudisha kompyuta nyuma.

Kuirudisha nyuma ndicho kisa cha mhasibu wetu. Tuchukue tarehe. ACC-07 ilibadilisha nenosiri lake 10 Februari. Tarehe 2 Machi fundi wa TEHAMA akachukua nakala rudufu ya diski nzima, kama inavyopaswa. Kompyuta ikaendelea na ratiba yake, ikabadilisha nenosiri 12 Machi na tena 11 Aprili, kila mara ikiiarifu seva. Ijumaa ya 24 Aprili diski ikaharibika. Fundi akaweka diski mpya, akarudisha nakala ya 2 Machi, akaona Windows inawaka vizuri, akaenda zake nyumbani akiwa ameridhika.

Diski ile ilirudi na nyaraka za Machi, programu za Machi, na nenosiri la Februari. Windows hutunza nenosiri la sasa pamoja na moja lililotangulia, kwa hiyo kompyuta ilikuwa na la Februari na la Januari. Seva inadai la 11 Aprili. Hakuna hata moja linalolingana. Kama nakala rudufu ingechukuliwa 15 Aprili, Jumatatu hiyo ingepita bila mtu kugundua chochote, na ndiyo maana tatizo hili huonekana kama bahati nasibu: nakala moja ikirudishwa hakuna kinachoharibika, nyingine ikirudishwa kompyuta inakataliwa.

Fundi anapopigiwa simu, jambo la kwanza analomwambia mhasibu linaweza kuonekana kichekesho.

"Dada, chomoa waya wa mtandao hapo nyuma, kisha jaribu tena."

Anachomoa, anaandika nenosiri, na kompyuta inafunguka. Si muujiza. Windows huhifadhi alama za uthibitisho za watu 10 wa mwisho walioingia, ili mtu aliye safarini aweze kutumia kompyuta yake mbali na ofisi. Waya ukiwa umechomolewa hakuna seva ya kuulizwa, basi alama hizo zinatosha. Mhasibu anaweza kufungua faili zilizo kwenye diski, ingawa folda za pamoja na printa za ofisi hatazipata. Tahadhari moja: alama hizo nazo zimerudi kutoka 2 Machi. Aliyebadilisha nenosiri lake tangu siku hiyo atalazimika kukumbuka lile la zamani.

Mtego huo unamnasa fundi mwenyewe pia. Ili atengeneze anahitaji kuingia kama msimamizi wa kompyuta ile. Ofisi zinazotumia Windows LAPS huachia mfumo ubadilishe nenosiri la msimamizi wa ndani na kulihifadhi kwenye Active Directory, utaratibu mzuri sana kwa usalama. Lakini nenosiri analolisoma kwenye seva ni la Aprili, na kompyuta inajua la Machi tu. Ikiwa ofisi imewasha utunzaji wa historia ya manenosiri hayo, analitoa lililotangulia. Ikiwa haikuwasha, anachomoa waya na kuingia kwa akaunti yake ya ufundi, mradi aliwahi kuitumia kwenye kompyuta hiyo kabla ya 2 Machi na ina mamlaka ya msimamizi hapo. Akishaingia anarudisha waya.

Sasa anafungua Windows PowerShell kwa mamlaka ya msimamizi. Iwe ile ya toleo la 5.1 inayokuja na Windows yenyewe. Amri anayoihitaji haimo kwenye PowerShell 7. Kwanza anauliza:

```
Test-ComputerSecureChannel
```

Jibu ni `False`, yaani njia salama kati ya kompyuta na domeni imevunjika. Kisha anatengeneza:

```
Test-ComputerSecureChannel -Repair -Credential OFISI\fundi
```

Dirisha linatokea likiomba nenosiri la akaunti hiyo ya domeni. Kompyuta inatunga nenosiri jipya, inaliweka kwake na kuliandika kwenye seva kwa idhini ya fundi. Likirudi neno `True`, kazi imekwisha. Mhasibu anatoka, anaingia tena huku waya umechomekwa, na folda zake za pamoja zinarudi. Fundi aliyezoea anamaliza haya yote kabla chai haijapoa.

Akaunti ya fundi kwenye amri hiyo haihitaji kuwa ya msimamizi mkuu wa domeni. Inatosha iwe imepewa ruhusa ya kubadilisha nenosiri la akaunti za kompyuta. Kuandika nenosiri la msimamizi mkuu kwenye kila kompyuta inayolalamika ni tabia mbaya, kwa sababu kompyuta ikiwa na programu ya wizi, aliyeitega anaondoka na funguo za ofisi nzima.

Mafundi wengi bado wanapita njia ndefu: wanaitoa kompyuta kwenye domeni, wanaiwasha upya, wanaiunga tena, wanaiwasha upya mara ya pili. Inafanya kazi, hakuna ubishi. Tatizo huja pale wanapoanza kwa kuifuta akaunti ya kompyuta kwenye seva ili waanze upya. Akaunti mpya yenye jina lile lile ni akaunti nyingine kabisa machoni pa Active Directory. Haimo kwenye makundi yaliyokuwa na ile ya kwanza. Baya zaidi, ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker na ofisi inahifadhi funguo za dharura kwenye Active Directory, funguo hizo zimeandikwa chini ya akaunti iliyofutwa, na zinakwenda nayo. Tangu Oktoba 2022, sasisho la Microsoft limeongeza kikwazo kingine hata kwa asiyefuta: kuunga kompyuta kwa kutumia akaunti iliyokuwapo iliyoundwa na mtu mwingine kunaweza kukataliwa kwa sababu za kiusalama.

Kuna kitufe kingine kinachowaponza watu. Kwenye dirisha la kusimamia akaunti za domeni, ukibofya kompyuta kwa kitufe cha kulia cha kipanya utaona `Reset Account`. Jina lake linashawishi, na fundi mgeni hudhani ndiyo dawa. Kitufe hicho hubadilisha upande wa seva tu, kompyuta yenyewe haiambiwi. Kompyuta nzima ikibofyewa hapo itakataliwa siku hiyo hiyo.

Ikitokea matengenezo yakashika siku moja kisha ujumbe ukarudi, kurudia amri ile hakusaidii. Fundi aulize seva nenosiri la kompyuta lilibadilishwa lini:

```
Get-ADComputer ACC-07 -Properties PasswordLastSet
```

Tarehe ikiangukia usiku ambao ACC-07 ilikuwa imezimwa, kuna mashine nyingine inayoitumia akaunti hiyo. Mara nyingi ni kompyuta iliyonakiliwa diski kutoka ACC-07 bila kusafishwa kwa Sysprep, au mpya iliyopewa jina hilo na mtu ambaye hakuangalia orodha. Kila inapotengenezwa moja, nyingine inakatika, na mafundi wawili wa matawi tofauti wanaweza kushindana wiki nzima bila kujuana. Hapo suluhisho ni kuipa ya pili jina lake na akaunti yake.

Maabara za vyuo zina aina yao. Huko kompyuta huwekewa programu kama Deep Freeze, ambayo kila inapowashwa upya hurudisha diski ilivyokuwa, ili uharibifu wa wanafunzi ufutike. Kinachofutika pia ni nenosiri jipya la kompyuta. Mashine 40 zilizogandishwa siku moja zitafikisha siku 30 karibu kwa pamoja, zitabadilisha manenosiri, zitazimwa jioni, na kufikia asubuhi zitakuwa zimeyasahau huku seva ikiyakumbuka. Mwalimu anaingia darasani anakuta maabara nzima imekataa.

Dawa yake ni kipengele cha sera ya kikundi kiitwacho `Domain member: Disable machine account password changes`, kinachozuia kompyuta kubadilisha nenosiri lake. Kiwekwe kwa kompyuta za maabara hiyo peke yake, kwani nenosiri lisilobadilika linampa mwizi muda usio na kikomo wa kulitumia. Na kiwekwe kwa mpangilio sahihi: kwanza zifunguliwe kutoka kwenye mgando, kila moja itengenezwe hadi ijibu `True`, sera ipokelewe, ndipo zigandishwe tena. Zikigandishwa kabla sera haijafika, nayo itafutika usiku ule ule.