Je, Wajua? Kuzima Akaunti Si Kuifuta

Je, wajua kwamba ukizima akaunti ya Facebook, hakuna kinachofutwa? Picha, maoni, orodha ya marafiki, vyote vinabaki kwenye kompyuta za kampuni; wenzako tu ndio hawauoni tena ukurasa wako. Ujumbe uliokwisha kuwatumia wanaendelea kuusoma. Messenger nayo unaweza kuiacha wazi ukachati kama kawaida.

Je, wajua kwamba unaweza kuiwasha bila kukusudia? Tuseme ulizima mwezi wa tatu. Mwezi wa tano unafungua mchezo kwenye simu, ule uliojisajili kwa akaunti ya Facebook badala ya kutunga neno la siri jipya. Ukiingia kwa njia hiyo, akaunti inaamka, na watu wanakuona. Anayetaka kukaa kimya kweli aanze kwa kubadilisha namna anavyoingia kwenye programu kama hizo.

Kufuta ni habari nyingine, ingawa machaguo yote mawili yapo sehemu moja: Accounts Center, kisha Personal details, kisha Account ownership and control. Ukichagua kufuta, unapewa siku 30 za kughairi. Aliyeomba tarehe 1 Machi ana hadi mwisho wa mwezi huo kuingia na kubonyeza Cancel Deletion. Zikipita, hakuna wa kumrudishia. Hata hivyo, kuviondoa vyote alivyowahi kuweka kunaweza kuchukua hadi siku 90 tangu kazi hiyo ianze, na nakala za akiba zinaweza kukawia zaidi. Kwa hiyo asitegemee kwamba kila kitu kimetoweka siku ya 31.

Je, wajua kwamba hata baada ya hapo ujumbe uliomtumia mtu unabaki kwake? Mimi naona ni haki, maana barua ikishamfikia mwenyewe, imekuwa yake.

Wenye biashara wasikilize hapa. Kama ukurasa wa duka lako unausimamia peke yako, ukifuta akaunti yako nao unafutwa, pamoja na wateja wote waliokuwa wakiufuata. Ukizima, nao unafichika. Mwongeze kwanza msimamizi wa pili mwenye mamlaka kamili, kisha pakua nakala ya taarifa zako, kwa sababu baada ya kufuta hakuna pa kupakulia.

Na je, wajua kwamba mtandao wa X una mpango tofauti kabisa? Pale kitufe kimeandikwa Deactivate your account, ungedhani ni kupumzika tu. Kumbe kukibonyeza ndiko kuanza kufuta, na kwa kawaida una siku 30 za kurudi. Aliyezima siku ya kwanza ya Ramadhani ili afunge kwa utulivu, akarudi wiki moja baada ya Idi, atakuta amechelewa.