Jina lenu ku Zoom: mwenye kuongoza mkutano aone mutu, asione telefone

Ndugu wanamemba wa kooperative, siku hizi formasyo nyingi na mikutano na mashirika vinafanyika ku Zoom. Kwenye mkutano wa chini ya muembe, sekretere anawaona uso kwa uso na kila mutu anatia sinyatire. Ku Zoom, mwenye kuongoza anaona listi ya majina tu. Na mara nyingi ile listi inaandikwa hivi: TECNO SPARK, itel, Galaxy, Papa Junior, Mama Furaha, tena Mama Furaha mwingine. Ninyi ni nani kati ya hao? Hawezi kujua.

Ile jina haikutoka hewani. Kama telefone haina akonti ya Zoom, na hamukuandika kitu mbele ya kuingia, programu inaweza kukamata jina la telefone yenyewe, ndiyo maana tunaona TECNO na itel. Kama telefone ni ya mtoto wenu na yeye amefungua akonti yake, basi jina la mtoto ndilo linatoka, hata kama anayesema ni mama yake.

Kuna mafasi mbili ambapo hii inaleta hasara ya kweli. Ya kwanza ni mlangoni. Mashirika mengi yanaweka chumba cha kungojea: munaingia, munaona maneno ya kuwaambia mungoje, na mwenye kuongoza anapashwa kuwafungulia mumoja mumoja. Anayeitwa TECNO SPARK anaweza kuachwa inje juu ya usalama, kwa sababu hakuna mutu wa jina hilo kwenye listi ya waalikwa. Mafasi ya pili ni kisha mkutano. Shirika likitaka kurudisha franka za mega, au kutoa sertifika, linaangalia majina yaliyobaki kwenye ripoti pamoja na dakika ambazo kila jina lilikaa.

Muzuri ni kutengeneza jina mbele ya kuingia. Fungueni Zoom, mugonge mafasi ya kuingia kwenye mkutano (kwa Kifaransa inaandikwa Rejoindre). Mutaona kisanduku cha namba ya mkutano, na chini yake kisanduku kingine chenye jina. Wengi wanaandika namba na kuruka kile cha chini, kwa sababu tayari kina neno ndani. Futeni lile neno, muandike jina lenu, ndipo muingie.

Kama mumekwisha kuingia, musitoke. Gongeni kidogo katikati ya kioo ili vifungo vionekane, kisha mugonge Participants. Listi ya watu inafunguka. Tafuteni jina lenu, lile lenye neno (me) au (moi) pembeni. Gongeni juu yake, muchague Rename, ao Renommer kama telefone yenu ni ya Kifaransa. Andikeni jina jipya, mugonge OK. Jina linabadilika palepale kwa watu wote. Kama telefone ni ya mtoto, musiogope: hii inabadilisha jina kwa ule mkutano tu, akonti yake inabaki vile ilikuwa.

Lakini mukiwa bado kwenye chumba cha kungojea, kwa kawaida hamuwezi kugusa jina. Pale mutoke, muandike jina vizuri, muingie tena.

Sasa muandike nini? Jina la mutu kwanza, kooperative nyuma. Sababu ni hii: kioo ni kidogo, na jina likiwa refu Zoom inakata mwisho wake. Mukianza na «Kooperative ya Wakulima wa Kahawa ya…», mwenye kuongoza atasoma neno Kooperative mara kumi na asione mutu hata mumoja. Tuseme mama mumoja anaitwa Furaha Bahati, na kooperative yake ni ya kahawa, kule Kalehe. Aandike:

Furaha Bahati - Kahawa Kalehe

Majina yawe yale ya karte ya mchaguzi, na yafuatane vile yanafuatana kwenye listi ambayo sekretere wa kooperative alituma ku shirika. Kama kwenye listi ni Bahati Furaha, aandike Bahati Furaha. Jina la «Mama fulani» ni la heshima kijijini, lakini halimo kwenye listi. Na kama kooperative yenu inajulikana kwa herufi za mkato, wote mutumie herufi zilezile. Mumoja akiandika kwa mkato na mwingine kwa urefu, yule asiyewajua atafikiri ni kooperative mbili.

Tuendelee na ule mama. Mkutano ulianza saa tatu ya asubui, ukaisha saa tano. Aliingia saa tatu kamili na jina zuri. Saa tatu na dakika makumi ine, rezo ikakatika. Kisha dakika tano akarudi kwa kugonga tena lien ya ku WhatsApp, na telefone ikarudisha jina lake yenyewe. Akafuata mkutano mpaka mwisho. Kwenye ripoti sasa kuna mistari mbili: Furaha Bahati, dakika 40, na TECNO SPARK, dakika 75. Yeye amekaa dakika 115, lakini mwenye kuhesabu anampa 40, na kama walisema ni lazima kufikisha saa moja, jina lake halipite. Ndiyo maana kila mara rezo ikikatika na munarudi, muangalie jina mbele ya kitu kingine chochote. Musishangae pia mukiona jina lenu mara mbili kwa dakika chache: ile ya zamani ni kivuli cha muunganisho uliokatika, itaondoka yenyewe.

Kwetu tena kuna desturi ya watu wane kukaa kwa telefone moja, kwa sababu ya mega. Ni jambo zuri, ila Zoom inahesabu telefone, haihesabu vichwa. Pale muandike jina la mwenye telefone, kisha hesabu ya wenzake: Furaha Bahati +3 - Kahawa Kalehe. Kisha mufungue Chat na muandike majina kamili ya wale watatu, yasomwe na mwenye kuongoza. Bila ile Chat, «+3» ni hesabu tu, na hakuna mutu anaweza kulipa hesabu.

Kuna siku mutagonga jina lenu na Rename isionekane. Telefone haina ubaya: mwenye kuongoza ndiye amefunga ile njia, mara nyingi juu ya kuzuia watu kujipa majina ya wengine. Yeye mwenyewe bado anaweza kuwabadilishia jina. Mumuandikie ku Chat maneno mafupi: «Mimi ninayeonekana TECNO SPARK ni Furaha Bahati wa Kahawa Kalehe, tafazali unibadilishie jina.» Kama mko na TECNO SPARK watatu kwenye mkutano, muinue mkono wa ku Zoom wakati munaandika, atawajua kwa ule mkono.

Namba ya M-Pesa ao ya Airtel Money musiiweke pembeni ya jina, hata kama munangojea mega zirudishwe. Kila aliye kwenye mkutano anaisoma, na mumoja anaweza kupiga foto ya kioo. Namba mumupe sekretere wenu peke yake.