Barua ya Likizo: Je, Uandike Namba ya Simu?

Katika somo lililopita tuliandika barua ya kuomba likizo. Tuliandika tarehe ya kuanza, tarehe ya kurudi, na jina la mtu atakayeshika kazi. Leo tunaishughulikia sentensi moja tu, ile inayokaa mwisho wa barua, inayosema kama mtu anaweza kupigiwa simu akiwa likizoni. Wengi huiandika bila kufikiri. Huandika, "Napatikana kwa simu wakati wowote," kisha hutia sahihi, nao hawajui wametoa ahadi gani.

Zamani mtumishi alipokwenda likizo aliacha anwani ya posta. Kama kazini kulitokea jambo, aliandikiwa barua, au jambo likiwa zito alipelekewa simu ya maandishi, iliyolipiwa kwa hesabu ya maneno. Kwa hiyo mtu alifikiri mara mbili kabla ya kuituma. Gharama yenyewe ilikuwa kama chekeche: mambo madogo yalibaki, makubwa yakapita. Simu ya mkononi haina chekeche hilo. Kumpigia mtu aliye shambani Kongwa ni rahisi kama kumwita aliye chumba cha pili. Basi chekeche lazima tulitie wenyewe katika maneno ya barua.

Na tuchukue mfano. Tuseme kuna mwenzetu mmoja anayeangalia maji katika bweni moja la wanafunzi hapo mlimani, ambako tangu mwaka 2007 kuna Chuo Kikuu cha Dodoma. Kazi yake ni kufungua na kufunga koki za tangi, kutazama kama boya linafanya kazi, na kuziba mabomba yanayovuja. Huyu mwenzetu ana shamba la mtama na karanga huko kwao Kongwa. Ninyi mnajua kwamba mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, nazo kwa kawaida huanza Desemba. Mvua ya kwanza ikipita kabla hujapanda, umepoteza siku ambazo hutazipata tena mwaka huo. Kwa hiyo ameomba likizo ya siku 28, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 28, arudi kazini tarehe 29.

Siku hizo 28 si hisani ya mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 31, inasema mfanyakazi apewe likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Sikukuu zinazoangukia humo zinahesabiwa ndani yake. Kwa hiyo tarehe 9, 25 na 26 Desemba ni sehemu ya likizo yake, wala haongezewi siku kwa ajili yake. Kifungu hicho hicho kinasema pia kwamba mwajiri hatamtaka wala hatamruhusu mfanyakazi kumfanyia kazi wakati wa likizo ya mwaka. Yaangalieni maneno hayo, "wala hatamruhusu." Hata mfanyakazi akijitolea mwenyewe, haifai. Kumjibu mtu swali la dakika mbili ni jambo moja. Kuongoza kazi ya kutwa nzima kwa simu, au kuitwa ukafungue koki kisha urudi shambani, ni jambo jingine kabisa, maana hiyo ni kazi.

Sasa mwenzetu huyu ameshika kalamu. Aandike namba au asiandike? Njia nzuri ni kujiuliza kwanza: watanipigia kwa sababu gani? Achukue karatasi nyingine aandike sababu zote anazoweza kufikiri. Mwenzetu alipata nne.

Ya kwanza, tangi likikauka kisha maji yakirudi, hewa hubaki ndani ya bomba na kuyazuia maji yasipande. Mgeni wa kazi atadhani pampu imeharibika. Dawa yake ni kufungua bomba la ghorofa ya juu kabisa na kuliacha wazi mpaka liache kupuliza hewa, maji yatoke sawasawa. Ya pili, koki ya kutolea maji ni nzee. Ukiizungusha kwa nguvu itakatika shingo, lakini ukiipa nusu mzunguko inatosha. Ya tatu, watu watauliza ufunguo wa kibanda uko wapi. Ya nne, liko bomba lililopita chini ya ardhi kutoka tangini hadi nyuma ya jiko, na koki yake imefunikwa na udongo. Yeye alikuwapo lilipofukiwa, ndiyo maana anajua lilipopita.

Tazameni orodha hii vizuri. Mambo matatu ya kwanza hayahitaji simu. Yanahitaji karatasi. Akiandika maelezo mafupi, akayabandika ndani ya mlango wa kibanda, na ufunguo wa pili akamkabidhi mwenzake wa bweni la jirani mbele ya msimamizi, sababu hizo tatu zimekwisha. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea: huacha namba ya simu badala ya kukabidhi kazi. Simu ya namna hiyo italia kila siku, na kila itakapolia itakuwa inauliza jambo ambalo lingeandikwa kwa mistari miwili.

Likabaki la nne. Yafaa ampeleke mwenzake akaione ile koki, waifukue, waweke alama ya jiwe jeupe. Hata hivyo bomba refu laweza kupasuka mahali ambapo hapana alama, na maji ya Dodoma si ya kuachwa yamwagike usiku kucha. Hapa simu inafaa. Ni yeye peke yake anayejua, jambo haliwezi kumngoja mpaka tarehe 29, na maneno machache yanatosha kulimaliza. Mambo hayo matatu yakipatikana pamoja, andika namba. Likikosekana moja, usiandike. Kama jambo haliwezi kumalizwa kwa maneno, hata wakupigie mara kumi, utabaki shambani na wasiwasi tu, na maji yatazidi kumwagika.

Huenda mtu akasema, "Kwa nini asiandike tu kwamba apigiwe kwa dharura?" Neno dharura peke yake halitoshi, kwa sababu kila mtu huliona lake kuwa dharura. Tena watu hulichanganya na neno haraka. Haraka ni haja ya anayeuliza: anataka jibu leo. Dharura ni jambo ambalo likingoja litaleta hasara au hatari. Karani wa ghala akitaka hesabu ya mabomba yaliyobaki kwa ajili ya taarifa ya mwisho wa mwaka, ana haraka, na taarifa yake ni muhimu, lakini hesabu hiyo imo katika daftari. Bomba lililopasuka halina daftari. Basi barua na itaje jambo lenyewe kwa jina.

Yako mambo mengine mawili ya kutaja. Ni nani atakayepiga? Akiandika namba bila kumtaja mtu, itasambaa bweni zima, na wanafunzi watampigia taa ikizimika. Amtaje mtu mmoja, yaani msimamizi wa matengenezo. Na apigiwe saa ngapi? Mwenzetu anajua kwamba shambani kwao mtandao haushiki mpaka apande kilimani, na simu anaipeleka dukani kuchajiwa. Akiandika "wakati wowote" atakuwa amesema uwongo, na siku bomba litakapopasuka msimamizi atapoteza saa nzima akimtafuta badala ya kumwita fundi mwingine. Ahadi ndogo iliyo ya kweli inawafaa zaidi wale waliobaki kazini.

Hivi ndivyo alivyoandika. Mwalimu wa darasa ataisoma polepole, nanyi fuateni kwa kidole:

"Nitakuwa likizo tangu tarehe 1 hadi tarehe 28 Desemba, na nitarudi kazini tarehe 29. Kazi yangu itashikwa na mwenzangu wa bweni la jirani, ambaye nimemkabidhi ufunguo na maelezo. Mambo yote ya kazi naomba yapelekwe kwake. Ikiwa bomba la chini ya ardhi litapasuka na mahali pa kulifungia hapaonekani, msimamizi wa matengenezo anaweza kunipigia kwa namba .......... Napatikana jioni, kati ya saa 12 na saa 2. Kabla ya hapo anipelekee ujumbe wa maandishi, nami nitaupata nikifika penye mtandao. Nisipojibu, naomba aitwe fundi mwingine bila kunisubiri."

Ile sentensi ya mwisho isiachwe. Inamruhusu msimamizi kuendelea na kazi, na inamwondolea mwenzetu lawama iwapo mvua imemfungia ng'ambo ya korongo.

Na yule ambaye orodha yake imekwisha yote kwa kukabidhi, aandike hivi: "Katika siku hizo sitapatikana kwa simu. Mambo yote ya kazi naomba yapelekwe kwa mwenzangu." Hapana haja ya kueleza sababu wala kuomba radhi. Fomu nyingi za likizo zina nafasi ya namba ya simu. Ijaze, maana kumbukumbu za ofisi zinaitaka, lakini ubavuni mwake uandike "kwa bomba kupasuka tu," au jambo lolote ulilolitaja wewe.

Baada ya kuandika hivyo bado utapigiwa kwa mambo madogo, hasa wiki ya kwanza. Tuseme msimamizi anapiga jioni kuuliza ni bati ngapi zilizobaki ghalani. Mwenzetu atajibu: "Shikamoo mzee. Hesabu hiyo imo katika daftari la kijani, mwenzangu analo. Naomba umwone yeye, mzee. Kwaheri." Amesalimu, ameonyesha mahali, amemaliza. Asianze kuhesabu bati kwa kukumbuka, kwa sababu akijibu leo, kesho ataulizwa misumari.

Sasa, mwalimu wa darasa, tafadhali zima redio. Kila mmoja achukue karatasi, aandike kazi anayoifanya, iwe ni ulinzi, upishi, usafi au bustani, na chini yake aandike sababu nne ambazo angeweza kupigiwa simu akiwa likizoni. Kisha azikate kwa msitari zile zinazomalizwa kwa kukabidhi. Iliyobaki, kama ipo, aiandikie sentensi tatu: jambo gani, nani apige, saa ngapi. Someni kwa zamu kwa sauti, na wengine wasikilize kama kuna sentensi inayoweza kumfungulia mlango mtu asiyehusika. Katika somo lijalo tutaandika barua ya kukabidhi funguo na vifaa, kwa hiyo njooni na orodha ya vitu mnavyovishika kazini.