Kutambua ngozi halisi na ngozi bandia

Ngozi halisi ni ngozi ya mnyama, hasa ng'ombe, mbuzi au kondoo, iliyoondolewa manyoya na kutiwa dawa kiwandani ili isioze. Ngozi bandia ni kitambaa kilichopakwa plastiki na kupewa sura ya ngozi. Katika Afrika Mashariki ngozi bandia huitwa pia *reksini*. Vitu hivi viwili hutumika kutengeneza mikoba, mikanda na viatu, na mara nyingi huuzwa bega kwa bega katika duka moja. Makala hii inaeleza jinsi mnunuzi anavyoweza kuvitofautisha kwa macho na mikono, bila kuharibu bidhaa.

## Tofauti ya maumbile

Ngozi ya mnyama imeundwa na nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni. Nyuzi hizo hazikufumwa kama kitambaa. Zimesokotana ovyo kuelekea kila upande, na huwa nyembamba na kushikamana zaidi kadiri zinavyokaribia upande wa manyoya. Kwa sababu hiyo ngozi hunyumbuka bila kupasuka, hupitisha jasho na huchukua umbo la mguu wa mvaaji.

Ngozi bandia ina tabaka mbili au zaidi. Chini kuna kitambaa, na juu yake kuna utando wa plastiki, kwa kawaida polivinili kloridi au poliurethani. Aina nyingi huwa na sponji nyembamba katikati ili ziwe laini zikiguswa. Utando wa juu hupigwa chapa kwa rola yenye michoro ya vinyweleo na mikunjo ya ngozi.

Tofauti hii huonekana wazi baada ya muda. Poliurethani ya bei nafuu huvunjwa polepole na unyevu wa hewa, na joto huharakisha jambo hilo. Ndiyo maana katika miji ya pwani mkoba uliohifadhiwa kabatini unaweza kutolewa ukiwa unabanduka magamba, hata kama haukutumika sana. Polivinili kloridi nayo hupoteza vilainishi vyake, ikakauka na kupasuka kwenye mikunjo. Utando ukishabanduka, fundi hana la kufanya, kwa kuwa rangi mpya haishiki juu ya kitambaa kilichobaki. Ngozi halisi iliyofifia huweza kusafishwa, kupakwa mafuta au dawa ya viatu na kushonwa upya.

## Ukingo

Mahali pa kwanza pa kuangalia ni ukingo uliokatwa, kwa sababu uso wa juu ndio unaoigwa kwa ustadi zaidi. Ukingo wa ngozi halisi huonyesha kitu kimoja kuanzia juu hadi chini: nyuzi zilizosokotana, zenye vimanyoya vidogo ukizikwaruza kwa ukucha. Ukingo wa ngozi bandia huonyesha tabaka. Utando mwembamba wenye kung'aa huonekana juu, na chini yake sponji au nyuzi za kitambaa zilizofumwa kwa mpangilio.

Watengenezaji wengi hukunja ukingo ndani au huupaka rangi nzito, hata kwenye bidhaa za ngozi halisi. Hivyo mnunuzi atafute sehemu zilizosahauliwa. Katika viatu, aangalie ukingo wa ulimi ulio chini ya kamba, na matundu ya kamba kwa upande wa ndani. Katika mkoba, aangalie matundu ya mkanda yanapoingia kwenye bizimu, ncha za kanda za kubebea na vipande vidogo vilivyoshonwa mwishoni mwa zipu.

Upande wa nyuma nao husema mengi. Nyuma ya ngozi halisi ni ya kukwaruzakwaruza kidogo kama swedi. Nyuma ya ngozi bandia kwa kawaida ni kitambaa, na ukikivuta kwa vidole unaweza kuona kikitanuka kama fulana.

## Uso na mikunjo

Uso wa ngozi ambao haujakwaruzwa kiwandani una vitundu vya vinyweleo. Katika ngozi ya ng'ombe vitundu ni vidogo na vimetawanyika karibu sawasawa, ingawa havifanani umbo wala umbali. Katika ngozi ya mbuzi hukaa kwa safu fupifupi. Katika ngozi ya nguruwe, inayotumika sana kama bitana ya viatu, huonekana vitatu vitatu kwa umbo la pembetatu. Vitundu hivyo vya nguruwe hupenya unene wote wa ngozi, kwa hiyo mara nyingi huonekana hata upande wa nyuma. Waislamu na wengine wanaoepuka ngozi hiyo wanaweza kukagua bitana kwa njia hii, wakitumia kioo cha kukuzia ikibidi.

Katika ngozi bandia, mchoro hujirudia. Mnunuzi achague alama moja yenye umbo la pekee, kisha aitafute tena sentimita kadhaa mbele. Akiikuta ileile, uso huo umepigwa chapa kwa rola. Hata hivyo, jambo hili peke yake halithibitishi kwamba kitu ni bandia. Ngozi halisi yenye makovu ya miiba au kupe hukwaruzwa uso, ikapakwa rangi na kupigwa chapa vilevile.

Jaribio la kubonyeza husaidia zaidi. Ukibonyeza ngozi halisi kwa kidole gumba, mistari midogo isiyolingana husambaa kuzunguka kidole na kutoweka ukikiondoa. Ngozi bandia huelekea kubonyea kama mto, bila mistari au kwa mikunjo michache mipana.

## Maji, harufu na moto

Tone la maji likiwekwa juu ya ngozi halisi isiyopakwa rangi nzito huingia ndani baada ya muda mfupi na kuacha doa jeusi kidogo, ambalo hupotea likikauka. Juu ya plastiki tone hubaki hadi lifutwe. Lakini ngozi nyingi za viatu zimepakwa rangi inayozuia maji, kwa hiyo tone likikataa kuingia si ushahidi wa kutosha. Ni afadhali kulijaribu upande wa nyuma, kwa kidole kilicholowa tu.

Harufu hudanganya pia. Ngozi ina harufu yake, lakini gundi ya viatu vipya huifunika, na kuna manukato yanayoiga harufu ya ngozi.

Wauzaji wengine hupitisha kiberiti juu ya kiatu ili kuthibitisha kuwa ni ngozi. Onyesho hilo halina thamani, kwa kuwa moto unaopita kwa sekunde moja hauwezi kuwasha hata plastiki. Ni kweli kwamba kipande cha ngozi kikichomwa hasa hutoa harufu ya nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, wakati plastiki huyeyuka na kuwa donge gumu. Lakini jaribio hilo huharibu bidhaa, na moshi wa polivinili kloridi una asidi inayodhuru mapafu. Halifai kufanywa dukani wala nyumbani.

## Aina zilizo katikati

Si kila kitu ni ngozi kamili au plastiki tupu. Ngozi nene ya ng'ombe hupasuliwa kiwandani kuwa tabaka mbili au zaidi. Tabaka la juu ndilo imara. Tabaka la chini ni dhaifu zaidi, na mara nyingi hufunikwa utando wa plastiki ili lifanane na la juu. Bidhaa yake ni ngozi, lakini uso wake ni plastiki na unaweza kubanduka. Ukingo wake huonyesha nyuzi za ngozi chini na utando juu.

Aina nyingine ni ngozi ya mabaki. Vipande na vumbi la ngozi kutoka kiwandani husagwa, huchanganywa na gundi na kubandikwa juu ya kitambaa au karatasi. Ina harufu ya ngozi na huweza kuitwa ngozi kwenye lebo, lakini nyuzi zake ni fupi mno. Ukingo wake ukikwaruzwa hutoa vumbi badala ya vimanyoya.

Ngumu kuliko zote kutambua ni ngozi bandia ya maikrofaiba, yenye nyuzi laini za plastiki zisizofumwa. Ukingo na nyuma yake hufanana na ngozi. Dalili yake ni usawa uliopita kiasi: unene uleule na ulaini uleule kila mahali, bila sehemu iliyolegea wala kovu. Wakati mwingine hata fundi huhitaji darubini ili awe na uhakika. Aina hii hudumu kuliko reksini ya kawaida.

## Alama za viatu vya Ulaya

Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1994 yanataka viatu vinavyouzwa huko vionyeshe vimetengenezwa kwa nini. Viatu vingi vya mitumba vinavyofika Afrika Mashariki bado vina alama hizo ndani au chini ya soli. Kuna sehemu tatu zinazoelezwa: sehemu ya juu ya kiatu, bitana pamoja na soli ya ndani, na soli ya nje.

* Umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa: ngozi.
* Umbo hilo likiwa na msambamba mdogo ndani: ngozi iliyopakwa utando.
* Mraba wa mistari iliyofumana: kitambaa.
* Msambamba mtupu: vitu vingine, ikiwemo plastiki na mpira.

Kitu kinachotajwa kinapaswa kuwa angalau asilimia 80 ya sehemu husika. Utando ukizidi milimita 0.15, kiatu hakiwezi kupewa alama ya ngozi tupu. Na ukizidi theluthi moja ya unene wote, hakiwezi kuitwa hata ngozi iliyopakwa.

## Mfano

Mzazi anatafuta viatu vyeusi vya shule. Muuzaji anampa jozi mbili na kusema zote ni ngozi. Ya kwanza ni mpya na inang'aa. Ukingo wa ulimi umekunjwa, lakini ndani ya tundu la kamba zinaonekana nyuzi nyeupe zilizofumwa. Ikibonyezwa karibu na vidole, haitoi mistari. Nyuma ya ulimi ni kitambaa. Dalili tatu zimekubaliana: ni reksini.

Jozi ya pili ni mtumba na imefifia. Ndani kuna alama tatu: ngozi yenye msambamba, mraba uliofumwa, na msambamba mtupu. Yaani juu ni ngozi iliyopakwa, bitana ni kitambaa, soli si ngozi. Ukingo wa ulimi unathibitisha hivyo, kwani una nyuzi zilizosokotana chini ya utando mwembamba. Sasa mzazi akunje kiatu mahali vidole vinapokunjika. Utando ukiwa mzima, kiatu kitapokea dawa ya viatu na kushonwa tena kikifumuka. Ukiwa umeanza kupasuka, utaendelea kubanduka hata kikipakwa dawa, na bei inapaswa kushuka au kiatu kiachwe.

Mfano huu unaonyesha kanuni ya kazi yote: dalili moja haitoshi. Ukingo hutangulia, upande wa nyuma hufuata, kisha kubonyeza na lebo. Zikipingana, ukingo ndio unaoaminika zaidi.